Oveni inapiga tak-tak usiku kucha na haiwaki, naombeni ushauri

Mchana_Kutwa
Wakuu, habari zenu. Nina jiko la gesi la mioto minne juu na oveni chini. Juu kunawaka vizuri kabisa. Oveni ndiyo shida: nikibonyeza nobu inapiga tak-tak-tak, moto haushiki. Tangu juzi imezidi, maana hata nikirudisha nobu kwenye sifuri tak-tak inaendelea yenyewe. Usiku saa nane nimeamka nikachomoa mpaka waya wa ukutani, wapi! Nimeshaagiza kile kiboksi cha nyuma kinachotoa cheche. Ninachoomba ni mtu anayejua namna ya kukifunga. Keshokutwa nina kazi ya kuoka.

Sina_Presha
Mtungi umeisha huo. Au regulata imechoka. Piga hesabu umenunua lini.

Mchana_Kutwa
Mkuu, nimesema juu kunawaka vizuri.

Sina_Presha
Kuwaka juu si ushahidi. Moto wa juu unakula gesi kidogo, oveni inakula zaidi. Regulata iliyochoka inaweza kuhudumia juu ikashindwa chini. Yalinikuta.

Dada_Subira
Mimi yangu ilikuwa inawaka vizuri, ila ukiachia nobu tu inazima. Nikahangaika wiki nzima. Kumbe unatakiwa uishikilie sekunde 10 hadi 15 baada ya moto kushika, mpaka kile kijiti cha shaba kilicho ndani ya moto kipate joto, ndipo kiruhusu gesi iendelee. Ukiachia mapema kinadhani hakuna moto, kinafunga. Jaribu kushikilia, ndugu.

Fundi_wa_Mtaa_wa_Pili
Dada Subira, lako ni la moto unaozima. Lake haujawaka hata mara moja, kwa hiyo kijiti cha shaba bado hakijafikiwa.

Mchana Kutwa, kiboksi kiweke pembeni kwanza. Kiboksi kinachopiga tak-tak ni kiboksi kizima, kwa sababu sauti hiyo ndiyo cheche yenyewe inaruka. Kikifa huwa kinanyamaza. Swali ni inaruka wapi, na je, gesi inafika pale inaporuka? Tuanze na gesi.

Washa moto mmoja wa juu, uweke mkubwa. Fungua mlango wa oveni. Washa kiberiti kirefu, kisogeze kwenye tundu la bomba la moto la oveni, ndipo ubonyeze nobu. Kiberiti kitangulie, gesi ifuate, usigeuze mpangilio huo. Isiposhika ndani ya sekunde chache, funga, acha mlango wazi dakika 5. Na kama mtungi wako ni huu wa kawaida, chomoa na ile droo ya chini, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala chini kama maji. Oveni ikiwaka, uangalie ule moto wa juu. Ukinywea sana, Sina Presha ana haki yake.

Kaka_Mnyoofu
Vitu vya gesi ni vya mafundi. Watu wanachezea roho zao kwa kubana matumizi. Nimemaliza.

Mchana_Kutwa
Nimejaribu. Kwa kiberiti imewaka! Moto wa bluu, umeenea bomba zima, na wa juu haukutikisika. Kwa hiyo si gesi, ni kiboksi kama nilivyosema. Naombeni maelekezo ya kufunga.

Sina_Presha
Sawa, regulata imepona. Ila mpira wa gesi uupake povu la sabuni uone kama kuna mapovu yanayokua. Hiyo haigharimu kitu.

Fundi_wa_Mtaa_wa_Pili
Bado si kiboksi. Fanya hivi: funga mtungi kabisa, subiri, hakikisha hakuna harufu yoyote, halafu zima taa na ufunge pazia. Piga cheche ukiwa umeinama unatazama ndani. Uniambie cheche iko ncha ya kijiti cha cheche, si kile cha shaba, au kwingine.

Mchana_Kutwa
Nimeiona. Ya bluu, nyembamba. Haiko nchani. Iko nyuma, pale kijiti kinapotokea kwenye kauri nyeupe, inarukia bati.

Fundi_wa_Mtaa_wa_Pili
Hapo sasa. Kauri hiyo imeguswa na nani?

Mchana_Kutwa
Iko kawaida tu.

Fundi_wa_Mtaa_wa_Pili
Kauri nzima haipitishi cheche. Kazi yake ni kuulazimisha umeme utoke nchani. Ikipata ufa hata wa unywele, umeme unapita kwenye ufa kwa sababu ndiyo njia fupi, na ncha inabaki haina kitu. Nauliza tena, imeguswa na nani?

Mchana_Kutwa
Haya. Wiki iliyopita nilifanya usafi. Nilipuliza dawa ya mafuta ndani na juu, nikasuuza kwa maji. Kijiti kilikuwa na masizi, nikakisugua. Nikaona kimekaa mbali na bomba, nikakivuta na koleo kidogo kisogee. Kauri ikalia "tk". Haikukatika! Nilipaka gundi, ya kweli, imeandikwa inastahimili joto. Nikazungushia na utepe wa umeme kwa juu. Kwa macho huoni kitu. Ndiyo maana sikuitaja, haihusiki.

Mzaha_Mtupu
"Haihusiki." Mgonjwa anamwambia daktari mguu unauma, ameficha panya aliyemng'ata mfukoni.

Fundi_wa_Mtaa_wa_Pili
Ndiyo inayohusika peke yake. Umeme wa cheche unapita volti 10,000, gundi kwake si ukuta. Gundi nyingi zikiungua zinabaki kaa, na kaa linapitisha umeme, kwa hiyo umeujengea ufa daraja. Utepe nao utayeyuka ndani ya oveni. Utoe leo kabla hujaoka, vinginevyo utavuta moshi wake.

Na kukisogeza hakukuhitajika. Kati ya ncha na bomba inatakiwa nafasi kama milimita 3 hadi 5. Ikiwa mbali cheche inashindwa kuruka, ikigusana hakuna cheche kabisa. Ulipima?

Mchana_Kutwa
Kwa macho. Lakini mkuu, gundi ilifanya kazi siku mbili! Iliwaka. Na kiboksi nimeshalipia.

Fundi_wa_Mtaa_wa_Pili
Siku mbili ni kabla gundi haijaungua. Kiboksi kipya kitapeleka cheche kwenye ufa uleule. Nunua kijiti na kauri yake, vinauzwa pamoja na waya. Nenda na cha zamani mkononi, maana urefu na kishikizo hutofautiana.

Mzee_wa_Hoja
Samahani wakuu, nimesoma uzi wote mara mbili. Bandiko la kwanza: amechomoa waya ukutani usiku, jiko likaendelea tak-tak. Jiko halina umeme, cheche inatoka wapi? Mapepo? Hii ni chai, na nyie mmekaa kuinywa.

Mzaha_Mtupu
Chai ya moto, na oveni haiwaki. Ajabu.

Dada_Subira
Hata mimi hapo nilishangaa, nikaogopa kuuliza.

Mchana_Kutwa
Chai? Nina mikwaruzo mkononi! Nilichomoa, taa ya oveni ikazima, tak-tak ikaendelea. Nilidhani nimechomoa waya usio wenyewe, nikajifunika mto kichwani.

Mzee_wa_Hoja
Taa imezima, cheche haikuzima. Mnaona alivyojirekebisha haraka?

Fundi_wa_Mtaa_wa_Pili
Mzee, swali lako ni zuri kuliko jibu lako. Yapo majiko ambayo waya wa ukutani ni wa taa na feni tu, cheche inatoka kwenye betri. Si mengi, lakini yapo. Mchana Kutwa, chungulia nyuma, au chini ya ubao wa nobu. Kuna kifuniko cha kuzungusha chenye ukubwa wa sarafu?

Mchana_Kutwa
Kipo!!! Betri moja, imetapika unga mweupe. Nimeitoa, kimya kabisa. Miaka mitatu niko na jiko hili sikujua.

Mzee_wa_Hoja
Ningekuwa mtunzi na mimi ningeandika hivyohivyo.

Fundi_wa_Mtaa_wa_Pili
Safi, usiirudishe kwanza. Sasa hili la kupiga bila kubonyezwa. Nyuma ya kila nobu kuna swichi ndogo, na zote zinagawana waya mmoja wa kwenda kwenye kiboksi. Maji yakiingia kwenye moja tu, kiboksi kinadhani umebonyeza na kinatoa cheche kote. Ulisuuza, maji yameshuka kwenye mashina ya nobu. Zivute zote kwa mkono, zinatoka. Funga mtungi, acha wazi siku nzima, na upulizie kikausha nywele kwa hewa baridi. Kisha betri mpya.

Sina_Presha
Na kama bado inapiga baada ya kukauka?

Fundi_wa_Mtaa_wa_Pili
Basi dawa ya mafuta imeacha uchafu ndani ya swichi, itabidi kubadilisha swichi. Sitabashiri kabla ya kuona.

Kaka_Mnyoofu
Nilisema mapema aite fundi.

Mzaha_Mtupu
Ameitwa, yuko kwenye uzi. Hajalipwa tu.

Mchana_Kutwa
Mrejesho baada ya siku tatu. Utepe nimeutoa, ulikuwa umeanza kunata kama asali. Kazi ya kuoka niliifanya kwa kiberiti, kiberiti mbele gesi nyuma. Mara moja nilisahau, nikafungua gesi kwanza nikawa natafuta kiberiti. Nikafunga, nikatoa droo, nikasubiri. Dakika 5 ni ndefu hamjui.

Kijiti kipya nimefunga jana. Nafasi nimepima kwa kadi tano za simu zilizopangwa pamoja, zinakaribia milimita 4. Cheche iko nchani, oveni inashika kwa pigo la pili au la tatu. Nobu nne zimetulia. Ya tano, ya oveni yenyewe, bado inapiga mara mbili tatu nikiizima, halafu inanyamaza.

Fundi_wa_Mtaa_wa_Pili
Hiyo ya tano ipe siku mbili tena. Isipotulia ni swichi yake. Usiku toa betri ulale.

Mzee_wa_Hoja
Weka picha ya kauri ya zamani.

Mchana_Kutwa
Nimeitupa.

Mzee_wa_Hoja
Aha.

Mchana_Kutwa
Kiboksi kimefika leo asubuhi. Kuna anayekihitaji? Hakijafunguliwa.