Naomba ushauri: pH ya asidi na amonia zilizozimuliwa mno

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nafundisha kemia ya jioni hapa Langoni, Lamu. Juzi mwanafunzi aliandika ubaoni kuwa asidi hidrokloriki ya 10⁻⁸ moli kwa lita ina pH 8. Asidi iwe besi? Haiwezekani, hata ukiongeza maji safi ya kujaza bahari nzima.

Nikamwonesha kuwa maji yenyewe hutoa ayoni, na kwa 25°C zao la H⁺ na OH⁻ ni 10⁻¹⁴. Chaji lazima zilingane, kwa hiyo, h ikiwa ukolezi wa H⁺:

h = 10⁻⁸ + 10⁻¹⁴/h

Ukitatua, h ni 1.05 × 10⁻⁷, pH 6.98. Tukijaribu 10⁻⁶, jibu ni 6.00 kwa njia zote mbili, basi hapo mchango wa maji waweza kuachwa.

Kilichonikwamisha ni amonia ya 10⁻⁷, ambayo Kb yake ni 1.8 × 10⁻⁵. Njia ya mkato, kipeuo cha pili cha Kb × C, inanipa OH⁻ ya 1.3 × 10⁻⁶, yaani mara 13 ya amonia iliyomo! Nikaamua kuichukulia kama besi kali, yote imeshapokea H⁺, nikaweka na maji: OH⁻ 1.62 × 10⁻⁷, pH 7.21.

Je, hatua hiyo ni halali kwa sababu OH⁻ ni ndogo mno kuliko Kb? Na kwa ukolezi wa kati, kama 10⁻⁵, mnawafundishaje vijana bila kuwatwisha mlinganyo wa kipeo cha tatu?