Tupeane uzoefu: wahudumu wa mezani, mnajuaje kuwa wateja wako tayari kuagiza?

Zamu_ya_Jioni
Wakuu, huu ni mwaka wangu wa pili kuhudumia mezani. Kukaribisha hakunisumbui, maji na menyu nafikisha vizuri. Panaponishinda ni pale katikati: menyu wanazo, nimeshaondoka, sasa nirudi lini? Nikiwahi, wanaona nawakimbiza. Nikichelewa, wanaanza kunitafuta kwa macho.

Jumamosi nilipewa meza ya watu sita. Nikawakaribisha, nikauliza kama wote wamefika, nikamimina maji, nikagawa menyu sita. Baada ya dakika kama nne nikarudi nikauliza, "Mko tayari kuagiza?" Mzee aliyewaleta akajibu, "Ndiyo, tuko tayari." Nikatoa kijitabu. Yeye akaagiza, mama wa pembeni yake akaagiza. Wa tatu akasema, "Ngoja kwanza, hiki kinapikwaje?" Nikamweleza. Wa nne ndiyo kwanza anafungua menyu, maana muda wote alikuwa kwenye simu. Nilisimama pale dakika nane nzima. Nyuma yangu meza mbili zinaninyooshea mikono, na dirishani pa jikoni sahani za watu wengine zinapoa.

Nyie mngefanyaje? Leteni visa vyenu, hata wateja karibuni.

Kalamu_Mkononi
Mbona rahisi, kaka. Angalia menyu. Zikifungwa zote na kuwekwa mezani, nenda. Zikiwa wazi, kaa mbali. Mimi sina njia nyingine na nafanya kazi vizuri tu.

Mama_Trei
Mdogo wangu Kalamu, hiyo ni nusu ya habari. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, na kosa langu lililoniuma zaidi lilitokana na kanuni hiyo hiyo.

Walikuja wawili, mume na mke nadhani. Menyu zikafungwa mapema, zikapangwa pembeni. Nikaenda na kijitabu mkononi na tabasamu langu, nikasema, "Haya, niwaandalie nini?" Dada akainua uso, machozi yanamtoka. Walizifunga wapate kuzungumza, chakula hawakuwa wamekifikiria hata kidogo. Niliomba radhi nikaondoka, lakini walichokuwa wanasema kilikatika, na hawakukaa tena dakika tano.

Tangu siku ile, menyu ikifungwa naangalia macho yao pia. Aliyemaliza kuchagua huinua kichwa akatazama ukumbi, au anaegemea kiti. Aliye kwenye mazungumzo humtazama mwenzake, na mwili wake umeinamia mezani. Tena kuna wanaoacha menyu wazi huku kidole kiko juu ya mstari mmoja. Huyo ameshachagua, anaogopa kusahau jina la chakula. Kwa kanuni yako angekaa hapo hadi achoke.

Zamu_ya_Jioni, kwa meza yako ya sita nadhani lililokuponza ni swali. Ukiiuliza meza nzima "Mko tayari?", anajibu mmoja, na huyo huwa ndiye aliyekwisha kuchagua. Mzee hakukudanganya, alijijibia yeye.

Mimi menyu hutangulia, maji hufuata. Nikizunguka na jagi nafika ubavuni mwa kila mtu, na hapo naona mengi: nani yuko ukurasa wa vyakula, nani bado yuko kwenye vinywaji, nani hajaigusa menyu. Kabla ya kumimina nauliza, "Ya baridi au ya kawaida?" Swali dogo, ila kila mmoja analijibu mwenyewe, nami nasikia nani ana haraka na nani amekuja kupumzika. Glasi siiinui mezani, na nabakiza vidole viwili juu. Katika mzunguko huo huo naandika vinywaji. Kuvileta ndiyo safari yangu ya pili, na ndipo ninapoipima meza. Kwa hiyo karibu kila ninaporudi nina kitu mkononi, na wasipokuwa tayari hakuna anayejiona amechelewesha watu.

Naona_kwa_Vidole
Naomba kuingia kama mteja. Mimi macho yangu yana uoni hafifu, na fimbo situmii, kwa hiyo mtu hawezi kujua kwa kunitazama. Nikipewa menyu naiweka mezani imefungwa, kwa sababu maandishi yale madogo siyaoni. Wahudumu wengi wanakuja mara moja wakidhani nimeshachagua! Halafu naanza kuuliza mna nini, na nasikia sauti inabadilika kwa sababu ana meza nyingine zinamngoja.

Mmoja tu aliwahi kuniuliza wakati ananipa menyu: "Utapenda kuisoma mwenyewe, au nikutajie tulivyonavyo?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari ya maji. Nimerudi pale mara nyingi kwa sababu yake.

Mama_Trei
Ahsante sana ndugu yangu. Hilo la kuuliza wakati wa kutoa menyu nalichukua. Nimekuwa nikingoja mtu aniambie mwenyewe.

Subira_Imeniisha
Mimi niliwahi kungoja bili dakika ishirini na tano, mhudumu anapita tu ananitazama. Nilishaweka hela mezani. Hili nalo mlizungumzie.

Zamu_ya_Jioni
Pole sana. Hapa tuko kwenye kuagiza, ila kile cha kupita na kumtazama mtu bila kumwambia kitu nadhani kinauma mahali pote.

Dirisha_la_Jikoni
Naongea kutoka upande wa jiko. Mkiona wanne wako tayari na wawili bado, tafadhali msituletee karatasi ya watu wanne. Tunapika, tunatoa, halafu wanne wanakula huku wawili wanatazama. Andikeni ya wanne, mkae nayo, muilete ikikamilika.

Mama_Trei
Kweli kabisa. Mimi husema, "Nianze na waliochagua, wengine nimalizie nanyi?" Wakisikia wenzao wanaagiza, wale wawili nao huamua. Mmoja akikwama kabisa namuuliza kitu kimoja tu, anataka chepesi au cha kushiba. Akiomba muda, naondoka na kurudi, sisimami juu yake.

Kalamu_Mkononi
Sawa dada, la macho nimelikubali. Lakini mimi bado naona bora mteja aniite mwenyewe. Ukimwendea kila mara unamsumbua.

Mama_Trei
Wapo wenye haya, kaka. Mtu atakaa robo saa hajainua mkono, kisha aondoke na asirudi. Hapo hatutakubaliana leo.

Zamu_ya_Jioni
Narudisha mrejesho. Jana nilikuwa na meza ya watano. Menyu kwanza, kisha maji, vinywaji nikaandika humo humo. Nilipokuwa namimina nikaona kijana mmoja hajafungua menyu, yuko kwenye simu. Nilipoleta vinywaji, watatu walikuwa wameegemea viti na mama mmoja ameweka kidole kwenye mstari. Kijana bado. Kijitabu nikakiacha mfukoni, nikamwambia yeye, "Kuna cha kukueleza kwenye menyu?" Akaweka simu chini. Nilienda kuhudumia meza ya jirani, niliporudi wote wananitazama, na oda nzima haikufika dakika tatu.

Kimoja kimebaki. Kuna meza waliniambia wanamsubiri mwenzao mmoja. Ikapita nusu saa, maji nimeongeza mara mbili, menyu zimefungwa, na wananitazama. Nikauliza kama ameshakaribia, wakasema yuko njiani, kisha wakatazamana. Sikujua kama wanataka niwaambie "anzeni tu" au niwaache. Aliyewahi kukutana na hili alifanyaje?