Mjane achukue chake kwanza, au nyumba nzima iingie kwenye mirathi?

Mwana wa Mbagala: Wadau, shemeji yangu amefariki. Dada ameishi naye miaka 19, wana watoto watatu. Kiwanja alinunua mume kabla ya ndoa, nyumba wamejenga wote. Dada alikuwa anauza vitenge na anacheza vikoba. Msimamizi wa mirathi, kaka wa marehemu, anasema nyumba yote ni ya marehemu, dada atapata thumuni yake basi. Ni sawa?

Bin Sudi: Thumuni ndiyo fungu la mke mwenye watoto, hilo halina mjadala. Na tuseme ukweli, vitenge ndivyo vimejenga nyumba? Wake wa siku hizi mume akishazikwa tu, risiti zinatoka chini ya godoro.

Mama Kitenge: Chini ya godoro ndipo tunapoziweka kwa sababu ya watu kama wewe! Bati na saruji za kwangu nimelipa mimi huku mume akiwa hana kazi. Hati akaandikisha jina lake. Nilimwambia nini? Nilinyamaza, mke mwema.

Bin Sudi: Sikukutaja wewe.

Mama Kitenge: Umetutaja sote.

Kobe Mkongwe: Nendeni kwenye Sheria ya Ndoa kifungu cha 114. Ile kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, Mahakama ya Rufani ilisema hata kupika na kulea ni mchango, mama akapewa nusu. Dada achukue nusu, kazi imekwisha.

Karani Mstaafu: Kobe, umeanza vizuri ukapotea. Kazi za nyumbani zilitambuliwa kweli, lakini Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na nusu. Rufaa yake ilitupwa, kwa sababu mume alikuwa amempa mtaji wa biashara na yeye akautapanya. Halafu 114 inagawa mali watu wakiachana, haizungumzii kifo. Ukiipeleka peke yake kwenye shauri la mirathi utaambiwa umekosea mlango.

Hoja ya dada ni nyingine: warithi hurithi alichomiliki marehemu, cha mwenzake hakimo. Hata kwa dini ni hivyo, Bin Sudi. Tirka ni mali ya maiti. Unatoa mazishi, madeni, wasia, ndipo mafungu.

Chukua nyumba ya milioni 80 isiyo na deni. Msimamizi akiiweka yote, thumuni ni milioni 10. Dada akithibitisha kwamba nusu ni yake, 40 zinatoka kwanza, thumuni ya 40 zilizobaki ni 5, anaondoka na 45. Ugomvi wote uko kwenye hiyo milioni 35. Ila nusu haiji yenyewe. Jina likiwa la mume peke yake, sheria inaanza kwa kudhani ni chake, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo unakuwa wa dada. Anaweza kukuta mahakama inampa theluthi.

Kobe Mkongwe: Sawa, lakini kiwanja alinunua mume kabla. Hapo si amekwama?

Karani Mstaafu: Hapana. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inamtambua mwenzi aliyeendeleza ardhi ya mwenzake. Ila kiwanja kitupu na nyumba vinaweza kuhesabiwa tofauti, na hilo linaweza kupunguza fungu lake.

Baba Wawili: Mbona mnasema wajane tu? Mimi mke ndiye aliyefariki. Nyumba ina jina lake, mkopo alichukua yeye, marejesho nimelipa mimi kwa bodaboda. Wakwe wanasema nina robo tu.

Bin Sudi: Aisee, pole kaka. Wewe una haki kabisa.

Mama Kitenge: Loo! Bodaboda imejenga, vitenge havikujenga?

Bin Sudi: Yeye amelipa mkopo, ushahidi upo. Usinilishe maneno.

Mama Kitenge: Na risiti za saruji ni nini, kadi za harusi?

Mwana wa Mbagala: Jamani, dada yangu... Msimamizi ameshateuliwa mwezi uliopita, Mahakama ya Mwanzo.

Karani Mstaafu: Basi awahi Fomu Na. V, ile ya orodha ya mali. Msimamizi ana miezi minne tangu ateuliwe. Dada aende kwenye shauri hilohilo aombe kuiona, akute nyumba imeandikwaje, apinge kwa maandishi. Aende na daftari la kikoba, fundi aliyelipwa naye, majirani waliomwona akisomba maji ya kujengea. Ikishafungwa Fomu Na. VI ya mgawanyo, kufungua upya ni safari ndefu.

Kobe Mkongwe: Na kama marehemu alikuwa na mke mwingine?

Mwana wa Mbagala: Yupo. Chalinze. Sikutaka kuanza na hilo.

Bin Sudi: Hahaha! Sasa thumuni hiyohiyo wanagawana wawili.

Mama Kitenge: Unacheka msiba wa watu. Wake zako wangapi, wewe?