Nifiche jina langu kwenye riwaya, au niliweke wazi?

Mwalimu wa Zamu: Nimemaliza riwaya kuhusu mwalimu mkuu anayekula michango ya wazazi ya chakula cha mchana. Kisa ni cha kubuni, lakini nafundisha shule ya msingi na kila mtu wilayani atatafuta nani ni nani. Mchapishaji amekubali na mkataba uko mezani. Nataka kitabu kitoke kwa jina la kalamu. Wenzangu wanasema ni woga, na kwamba kitabu kisicho na mwenyewe hakiuziki. Nyie mnaonaje?

Muuza Vitabu, Mombasa: Mwalimu, mie nauza vitabu mwaka wa kumi na nane sasa. Mteja akishika kitabu huanza kugeuza nyuma kutafuta picha. Halafu ananiuliza, "Huyu ni wa wapi?" Nikimwambia sijui, anakirudisha rafuni. Riwaya zetu hazina fungu la matangazo, mwandishi mwenyewe ndiye tangazo. Ndiye anayekwenda redioni, ndiye anayesaini nakala siku ya uzinduzi, na ndugu zake ndio wanunuzi wa mwanzo. Wewe utawaambiaje shangazi zako wanunue kitabu ambacho hutaki wajue ni chako? Weka jina lako. Kama umesema kweli, unaogopa nini?

Mpenda Sheria: Naunga mkono, ila kwa sababu nyingine. Mkataba uliosainiwa kwa jina la uongo ni batili. Na hakimiliki unaipoteza, maana sheria humlinda mwandishi anayejulikana tu. Mwalimu akijificha, yeyote anaweza kurudufu kitabu chake na asiwe na pa kwenda.

Babu Malenga: Vijana, mnagombania jambo la kale. Sisi washairi wa magazetini lakabu tumeishi nazo. Nani hakumjua Amiri Sudi Andanenga, "Sauti ya Kiza"? Mimi mwenyewe nilikuwa nayo, na barua zikinifikia hadi kijijini. Mwalimu achague lakabu nzuri yenye mizani, aiweke chini ya jina lake pamoja na sanduku la posta, watu wamjue kwa yote mawili.

Mwalimu wa Zamu: Shikamoo babu. Mimi nataka lakabu peke yake. Jina langu lisionekane kabisa.

Babu Malenga: Marahaba. Basi hiyo si lakabu, ni buibui.

Mhariri wa Zamani: Nimehariri vitabu miaka mingi, na waandishi wanne nilioshughulika nao walitumia majina ya kalamu. Nianze na Mpenda Sheria, maana amegusa ukweli akateleza katikati.

Mkataba hausainiwi kwa jina la kalamu peke yake. Unasainiwa kwa jina lililo kwenye kitambulisho cha taifa, kisha linaongezwa neno: "ambaye kazi hii itachapishwa kwa jina lake la kalamu, fulani bin fulani." Jina la kweli linabaki kwenye mkataba na kwenye hesabu, la kalamu linakwenda kwenye jalada na ukurasa wa hakimiliki. Hapo hakuna ubatili wowote. Mrabaha nao unakwenda kwenye akaunti yenye jina halali, na Tanzania mchapishaji anakata kodi ya zuio ya asilimia 15 na kuiwasilisha TRA kwa TIN yako. Kwa hiyo mhasibu atakujua, toka siku ya kwanza.

Hakimiliki hupotezi, lakini muda wake unabadilika, na hili watu wengi hawalijui. Kwa kawaida, hapa Tanzania, kazi inalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi ya mwandishi asiyejulikana inalindwa miaka 50 tangu ichapishwe. Tuseme mwalimu ana miaka 34, kitabu kinatoka 2026, naye Mungu amjalie afike 80, yaani 2072. Kwa jina lake, wanawe na wajukuu wangekula matunda hadi 2122. Kwa jina la kalamu lisilofumbuliwa, ulinzi unaisha 2076, miaka minne tu baada ya mazishi. Dawa yake ipo: mwandishi akijulikana kabla ya ile 50 kwisha, hesabu inarudi kwenye maisha yake na 50 juu. Kenya nao wana kanuni ya namna hiyo. Kwa hiyo acha kwa mtu unayemwamini barua iliyosainiwa inayosema wewe ndiye mwandishi, na nakala moja ya mkataba.

Kuhusu kurudufiwa, ukitaka kudai haki bila kujitokeza, mchapishaji ambaye jina lake liko kitabuni anaweza kusimama kwa niaba yako. Ndivyo Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unavyosema, na Tanzania na Kenya zote ni wanachama. Lakini hii ina maana unamtegemea yeye. Akilala, na haki yako imelala.

Mpenda Sheria: Nimekuelewa kuhusu mkataba. Lakini akishtakiwa kwa kashfa? Mwalimu mkuu fulani akijiona humo?

Mhariri wa Zamani: Hapo jina la kalamu halimsaidii. Mlalamikaji atamshtaki mchapishaji, na mchapishaji ataamriwa amtaje. Tena, mwalimu, soma kile kipengele kinachosema mwandishi atamfidia mchapishaji kwa hasara itokanayo na kesi. Kama kimeandikwa bila kikomo, ukiombe kikomo. Kisha fanya kazi ya hadithi yenyewe: badilisha jinsia ya mwalimu mkuu, hamisha mkoa, toa alama kama mwembe au gari bovu ambalo kila mzazi analijua. Hilo litakulinda kuliko jina.

Binti wa Pangani: Mimi nasema yaliyonikuta. Niliandika hadithi ya mapenzi nikaiuza kwa simu, sura kwa sura, elfu tano kitabu kizima. Jina la kalamu lilikuwa zuri, picha ya ukurasani ilikuwa ua la mkarafuu. Nikaweka namba yangu ya kulipia. Mnunuzi wa tatu akaingiza namba, akaweka kiasi, na kabla hajabonyeza namba ya siri simu ikamwonyesha majina yangu yote matatu. Alikuwa mke wa kaka wa mume wangu! Jioni ile nilipigiwa simu na mama mkwe. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Hivi Rashidi wa kwenye sura ya nne ni nani?"

Mwaka mzima nilijificha kwenye jalada, na laini ya simu ikaniumbua kwa sekunde mbili.

Muuza Vitabu, Mombasa: Hahaha, pole dada. Lakini si unaona? Siri haifichiki. Na umeuza zaidi baada ya hapo au kidogo?

Binti wa Pangani: Zaidi. Ila sikuchagua mimi.

Mhariri wa Zamani: Mfano huu ndio kiini chenyewe. Anayekufumbua mara nyingi si msomaji mjanja, ni karatasi au pesa. Mwaka 2013 riwaya moja ya upelelezi ilitoka Uingereza kwa jina la Robert Galbraith, na ilikuwa imeuza nakala kama 1,500 za jalada gumu. Kisha ikajulikana kwamba ni J. K. Rowling. Siri ilitoka kwenye ofisi ya mawakili wake: wakili alimwambia rafiki wa mkewe, rafiki akaandika mtandaoni. Baada ya hapo kitabu kikapanda hadi kileleni mwa mauzo, kwa hiyo Muuza Vitabu ana hoja kuhusu soko. Lakini soko lilikimbilia jina ambalo lilikuwa kubwa tayari. Mwalimu wetu jina lake halijulikani nje ya wilaya, hivyo akilificha hapotezi wanunuzi wengi. Anapoteza ndugu na wafanyakazi wenzake, labda nakala mia.

Kwa anayeuza mwenyewe kwa simu, namba ya malipo ya biashara huonyesha jina la biashara badala ya lako. Ukisajili jina la biashara BRELA, kumbuka rejista ile ni ya umma, mwenye hamu atakufikia. Hata hivyo shemeji wa mtu hatakwenda BRELA kwa ajili ya elfu tano.

Jirani wa Ilala: Mimi nina wasiwasi mwingine, na hakuna aliyeugusa. Msomaji ana haki gani? Hispania mwaka 2021 tuzo ya Planeta ya yuro milioni moja ilikwenda kwa "Carmen Mola", ambaye miaka yote alitangazwa kuwa mama mmoja mwalimu wa chuo. Jukwaani wakapanda wanaume watatu. Kuficha jina ni sawa, lakini kubuni mtu na maisha yake kwenye jalada la nyuma ni kuuza uongo. Mwalimu, usiandike kwamba wewe ni "mkulima wa Mbeya, baba wa watoto watano".

Mhariri wa Zamani: Mimi sioni ubaya mkubwa, riwaya nzima ni uongo tulioununua kwa hiari. Lakini nakubali kwamba wasifu mfupi wa kweli ni salama zaidi: "Mwandishi ni mwalimu." Basi.

Jirani wa Ilala: Hapo hatutakubaliana. Aliyenunua kwa sababu ameambiwa mwandishi ni mama aliyezaa, kisha akakuta ni wanaume watatu, amenunua kitu kingine.

Mwalimu wa Zamu: Asanteni. Mkataba nilionao unasema "jina la kalamu litakuwa mali ya mchapishaji kwa mfululizo wote". Ni kawaida?

Mhariri wa Zamani: Kipengele hicho ukifute, au usisaini. Maana yake ukiondoka wanaweza kumpa mtu mwingine aandike kwa jina lako. Marekani "Carolyn Keene" wa vitabu vya upelelezi vya wasichana lilikuwa jina lililomilikiwa na kampuni. Mwanamke aliyeandika vile vya mwanzo alilipwa dola 125 kwa kitabu, bila mrabaha. Dai neno hili: jina la kalamu ni la mwandishi. Kisha taja waliomo kwenye siri: mkurugenzi, mhariri mmoja, mhasibu. Na uandike nini kitatokea wakiivujisha, maana ahadi ya siri isiyo na adhabu ni maneno tu.

Muuza Vitabu, Mombasa: Na redioni atakwendaje?

Mhariri wa Zamani: Kwa simu, sauti tu. Au mhariri aende kwa niaba yake. Kwenye uzinduzi asome mwigizaji. Mauzo yatapungua, sikatai.

Binti wa Pangani: Mwalimu, jambo dogo. Muswada uliandika kwa kompyuta ya nani? Kwenye Word ingia `File`, kisha `Info`, uangalie palipoandikwa `Author`. Ukigeuza kuwa PDF jina lile huenda nalo. Lifute kwa `Inspect Document` kabla hujatuma popote.

Mwalimu wa Zamu: Nimeangalia sasa hivi. Halikuwa jina langu. Limeandikwa jina la shule, na chini yake, aliyehifadhi mara ya mwisho ni mwalimu mkuu. Nilichapia ofisini kwake.