Madevelopa acheni kufunga malalamiko ya wateja kwa "kwangu inafunguka fasta", nimechoka

Nguzo_Kavu (mwenye uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Nina hasira na leo naitoa yote hapa.

Ofisini kwetu tuna websaiti ya kukatia tiketi za mabasi. Mimi ndo nasoma malalamiko ya wateja, na kidogo nagusa HTML na CSS. Mama mmoja yuko Mpanda kaandika, tena kwa heshima kabisa, "mwanangu nikifungua naona weupe tu, nikivumilia inakuja mistari ya rangi ila maneno hayapo, naishia kwenda stendi". Nikampelekea developa. Jibu: "kwangu inafunguka chini ya sekunde moja, tatizo ni mtandao wake". Akafunga tiketi ya lalamiko.

Yani mtu kakaa kwenye fiba ya ofisi Dar, na laptopu ambayo huo ukurasa imeufungua tangu asubuhi, halafu anampima mama wa Mpanda kwa laptopu hiyo hiyo! Nikamfungulia tena nikamwambia weka mtandao wa polepole kwenye DevTools. Kweli akaweka 3G, akapata sekunde kama tatu, akanitumia skrinshoti, akafunga tena akaandika "haijirudii". Hiyo skrinshoti yake ndo imenifanya nije hapa, maana jibu lilikuwa mle mle ndani. Safu ya Size mistari karibu yote imeandikwa `(disk cache)` na `(memory cache)`. Faili hazikutoka mtandaoni kabisa, zimetoka kwenye diski yake! Ile 3G inachelewesha kinachopita mtandaoni tu, kilichoko kwenye kache inakipita bila kukigusa, kwa hiyo alichopima ni ule ukurasa wa HTML peke yake.

Kwa wasiojua, hii kitu haichukui hata dakika mbili. Fungua dirisha la incognito ili ekstensheni zako zisiingilie, bonyeza F12, nenda Network, weka tiki kwenye `Disable cache`, pembeni yake kuna menyu imeandikwa `No throttling`, chagua `3G`. Halafu lodi ukurasa bila kuifunga DevTools, ukiifunga tu tiki na 3G vyote vinaacha kufanya kazi, unajiona unapima kumbe unaangalia websaiti kama kawaida. Wenye Chrome ya zamani mtaona `Slow 3G` na `Fast 3G`, siku hizi wamebadilisha majina, Slow 3G ndo imekuwa `3G` na Fast 3G ndo `Slow 4G`. Ile 3G inakupa kama kilobiti 400 kwa sekunde, yani kilobaiti 50 hivi, na kila ombi linasubirishwa sekunde 2 nzima kabla halijaanza kujibiwa. Hizo sekunde 2 ndo zikumbukeni.

Nikafanya mwenyewe, na kila neno la yule mama likatokea kwenye skrini yangu. Weupe mpaka karibu sekunde ya 10, halafu rangi zikaja na vitufe vitupu, maneno yakatokea kwenye ya 13. Mama hakudanganya hata herufi moja!

Sasa angalieni Waterfall ilivyokaa. HTML imekuja kwenye sekunde ya 3. Hapo ndo brauza ikaiona style.css ikaiomba, ikagombania laini na skripti na picha, ikaisha kwenye ya 8. Ndani ya style.css mstari wa kwanza kabisa kuna hiki:

```css
@import url("/css/fonti.css");
```

Brauza haiwezi kujua kuna fonti.css mpaka iwe imeishusha style.css. Kwa hiyo ndo kwanza inaenda kuomba faili jingine, dogo kabisa, halifiki hata kilobaiti 2, lakini linalipa zile sekunde 2 zake kama wenzake, na mpaka lifike hakuna kinachochorwa. Ndo weupe ule. Likifika, ndo brauza inagundua kuna faili za fonti za kushusha, na Chrome ikisubiri fonti inayaficha maneno mpaka sekunde 3 kabla ya kukubali kutumia fonti ya simu. Ndo yale "maneno hayapo". Kwenye Waterfall unaona ngazi kabisa, mstari mmoja unaanzia pale wa juu yake ulipoishia. Kwenye fiba hiyo ngazi huioni, na ukiwa na kache ndo haipo kabisa.

Sasa mtu mwenye cheo cha developa anashindwa kuweka tiki moja, anamwambia mteja mtandao wako mbovu. Ndiyo, mtandao wa mama ni wa polepole, na ndo huo huo anaotaka kukatia tiketi!!

Pikseli_Mbovu

Mkuu wewe umeenda mbali sana, shida ya websaiti zetu zote ni picha. Kandamiza picha, badilisha PNG iwe WebP, umemaliza. Nina uhakika hapo juu mmeweka picha ya basi ya mega mbili.

Nguzo_Kavu

@Pikseli_Mbovu picha ya basi ipo, mega 1.8, na umesema kweli inakula bando la watu na tutaipunguza. Kwa kilobaiti 50 kwa sekunde hiyo peke yake ni zaidi ya nusu dakika. Ila haileti weupe, picha inaweza kuja mwisho kabisa na mtu akawa anasoma ratiba. Niliizuia kabisa, unaenda kwenye mstari wake pale Network, klik ya kulia, unaiblok, unalodi upya. Maneno yaliwahi kidogo tu, kwa sababu laini ilipungua foleni, ngazi ikabaki vile vile.

Mtoto_wa_Kigamboni

Afadhali umelileta hili, hata mimi kila jioni kuanzia saa moja intaneti inakuwa kobe. Nihamie laini gani wakuu? Bando la mwezi.

Nguzo_Kavu

Ndugu yangu huu uzi ni wa wanaotengeneza websaiti, sio wa kuchagua laini. Fungua wako watu watakusaidia.

Kodi_na_Chai

Mimi ni developa na nitamtetea mwenzangu kidogo. `Disable cache` sio haki. Mteja wa kawaida ana kache, akirudi mara ya pili style.css anayo tayari. Mnapima hali ambayo wateja wengi hawako nayo, halafu mnatutukana.

Nguzo_Kavu

Sijamtukana mtu, nimesema kafunga tiketi bila kupima. Na nani kakwambia wateja wetu wanarudi kesho yake? Huyu mama anasafiri mara chache kwa mwaka, simu yake imejaa picha na video, brauza inafuta vya zamani ili kupata nafasi. Tena sisi kila tukitoa toleo jipya style.css inabadilishwa jina, hata aliyekuwa nayo anaanza upya. Ingekuwa analalamika mtu anayeingia kila siku, sawa, ningeacha kache iwake, nikalodi mara ya kwanza, nikapima ya pili. Unachagua kulingana na aliyelalamika, sio kulingana na kinachokupa namba nzuri.

Bi_Laini

Mwenye uzi uko sahihi, ila ongezeni haya msije mkaziamini sana hizo sekunde.

DevTools inaweka ucheleweshaji kwa kila ombi, haiigi mtandao wenyewe. Kutafuta jina la seva na kuunganishwa nayo kwa mara ya kwanza hakucheleweshwi inavyostahili, na pakiti zinazopotea njiani hazimo kabisa, wakati mtu wa kijijini mwenye mnara mmoja ndo anateseka na hizo. Kwa hiyo ukipata 13, kwake inaweza kuwa zaidi au pungufu. Itumie kuona mpangilio, nani anamsubiri nani.

Pili, kama websaiti yenu ina service worker, tiki ya `Disable cache` haiizimi. Itaendelea kukupa faili zake za akiba na utadhani umepima. Nenda Application, kisha Service workers, weka `Bypass for network`. Nimeshaona watu wazima wakibishana wiki nzima juu ya hili.

Tatu, laptopu sio simu. Skripti inayochukua kufumba na kufumbua kwako, kwenye simu ya bei ya chini inaganda. Pale Performance kuna CPU, weka `6x slowdown`, au chomeka simu yenyewe kwa waya ufungue `chrome://inspect`, hiyo ndo bora kuliko zote.

Mzee_wa_Sabufa

Dada Bi_Laini na mimi nisaidie. Nina websaiti ya shule ipo kwenye WordPress, wazazi wanalalamika matokeo hayafunguki. Nimefuata maelezo ya juu, nimeweka 3G, sekunde 20. Nimeondoa 3G, bado mstari wa kwanza kabisa pale Network unachukua sekunde 6 hata kwenye waifai nzuri.

Bi_Laini

Mzee wangu shikamoo. Bonyeza huo mstari wa kwanza, ingia `Timing`, soma `Waiting for server response`. Kama sekunde nyingi ziko hapo na 3G umeshaiondoa, huo sio mtandao wa wazazi, ni seva yako au plagini inahangaika na databesi. Kuchezea fonti na picha hakutakusaidia.

Mzee_wa_Sabufa

Marahaba. Imeandika 5.4 s hapo hapo. Naanza kuzima plagini moja moja.

Nguzo_Kavu

Marejesho. Nimeiondoa ile `@import`, nikaweka faili zote mbili kwenye HTML ziombwe kwa pamoja:

```html
<link rel="stylesheet" href="/css/fonti.css">
<link rel="stylesheet" href="/css/style.css">
```

Na kwenye kila `@font-face` nimeongeza `font-display: swap;` maneno yatokee na fonti ya simu kwanza. Hali ile ile, 3G na kache imezimwa, maneno yanatokea kwenye ya 8 badala ya 13. Weupe bado ni mrefu, style.css ni kubwa na nusu yake sijui inatumika wapi, ila hiyo anaimiliki developa na ndo kwanza kakubali tiketi ifunguliwe.

Mama wa Mpanda nimempigia. Kasema maneno yanawahi sasa, ila akibonyeza kiti ukurasa unaganda. Kwenye 3G yangu kiti kinabonyezeka vizuri tu, sioni ombi lolote linalochelewa.

Bi_Laini

Hapo mtandao umeshamaliza kazi yake. Weka ile CPU `6x slowdown`, rekodi kwenye Performance huku unabonyeza kiti, ulete picha. Na muulize simu yake ni aina gani.

Kodi_na_Chai

Ile ramani ya viti mnaichora upya yote kila mtu akigusa kiti kimoja? Kama ndiyo nadhani najua.

Nguzo_Kavu

Sijui, faili hilo silifikii. Namuuliza kesho asubuhi, na safari hii naenda mezani kwake na simu ya elfu themanini mkononi.