Mialo miwili, wastani 3.00 ileile, lakini watu hawafanani kabisa. Niandike nini kwenye tasnifu?

Binti_Ukara
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri, niko sura ya nne ya tasnifu na nimekwama.

Nimefanya utafiti kwenye mialo miwili, mmoja upande wa Ilemela, mwingine Ukerewe. Naiita Mwalo A na Mwalo B kwa sababu niliwaahidi watu kuwa sitawataja. Kila mwalo nimehoji watu 60. Dodoso lina kauli sita kuhusu BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, na inayonisumbua ni hii: "BMU ya mwalo wetu inawabana wenye makokoro." Mtu anachagua sikubaliani kabisa (1), sikubaliani (2), sina upande (3), nakubali (4) au nakubali kabisa (5).

Nimeingiza kwenye SPSS. Wastani wa A ni 3.00 na wa B ni 3.00. Msimamizi wangu amenipa lile jedwali la kutafsiri wastani, ambalo kuanzia 2.61 hadi 3.40 ni "sina upande". Kwa hiyo natakiwa kuandika kwamba wahojiwa wa mialo yote miwili hawana upande. Lakini mimi ndiye niliyekaa nao kwenye mchanga. Pale A watu walikuwa wakali, kila mmoja na lake. Pale B wengi walijibu kwa upole na kuendelea kuanika dagaa. Majibu yenyewe, kuanzia 1 hadi 5, ni haya:

Mwalo A: 22, 6, 4, 6, 22
Mwalo B: 3, 11, 32, 11, 3

Je, wastani hapa una maana yoyote? Na kama sio, niripoti nini ambacho msimamizi atakikubali?

Kijana_Pasiansi
Dada, hapo msimamizi amekupotosha. Majibu ya namna hii yana mpangilio tu, hayana vipimo kama kilo au mita, kwa hiyo wastani haufai. Weka mediani, halafu linganisha mialo kwa jaribio la Mann-Whitney. Kazi imeisha.

Mchuuzi_Kirumba
Mimi naona tatizo ni sampuli. Watu 60 ni wachache mno. Ulitumia fomula ya Yamane? Ongeza wahojiwa wafike hata 200 kwa kila mwalo, wastani utatofautiana wenyewe.

Ngosha_Takwimu
Mchuuzi, hata akihoji 600 pale A na wakagawanyika vilevile, 220, 60, 40, 60, 220, wastani utabaki 3.00. Sampuli kubwa ingempa uhakika zaidi kuhusu namba ambayo haijibu swali lake.

Kijana_Pasiansi, msingi wako ni sahihi lakini dawa haiponyi ugonjwa huu. Tupange watu 60 wa Mwalo A kwenye mstari, kuanzia aliyekataa kabisa hadi aliyekubali kabisa. Waliokataa kwa namna zote mbili ni 28. Mtu wa 29 hadi wa 32 ndio wale wanne wasio na upande. Mtu wa katikati ni wa 30 na wa 31, kwa hiyo mediani ni 3. Fanya hivyohivyo kwa B, utapata 3 pia. Pale A mediani inazungumza kwa niaba ya watu wanne kati ya 60.

Mann-Whitney nayo haitaona kitu. Kinachoulizwa na jaribio hilo ni kama mtu wa A akichukuliwa bila kuchagua ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutoa jibu la juu kuliko mtu wa B. Hapa uwezekano wa kuwa juu na wa kuwa chini ni sawasawa kabisa, kwa sababu pande zote mbili zimelingana. Tofauti ya mialo hii haipo kwenye nani yuko juu. Ipo kwenye umbo: A imepasuka katikati, B imejikusanya katikati.

Dada, dalili ulikuwa nayo kwenye jedwali lilelile la SPSS. Angalia safu ya `Std. Deviation`. Kwa namba ulizoweka, A inapaswa kutoa 1.79 na B 0.88. Kwenye ngazi tano huwezi kuipita 2 kwa kiasi cha maana, kwa hiyo 1.79 inakuambia watu wamekimbilia ncha mbili. Ukiona wastani wa 3 na namba kama hiyo pembeni yake, usiandike neno "hawana upande" kabla hujafungua idadi ya majibu.

Binti_Ukara
Nimeangalia sasa hivi, ni 1.79 na 0.88 kweli. Asante sana kaka. Lakini msimamizi atauliza: kama SPSS inakubali kukokotoa wastani, ubaya wake uko wapi?

Ngosha_Takwimu
Mwonyeshe hili. Namba 1 hadi 5 umeziweka wewe. Mhojiwa hakusema "tano", alisema "nakubali kabisa". Hakuna aliyepima kwamba hatua ya kutoka "nakubali" hadi "nakubali kabisa" ni sawa na ile ya kutoka "sina upande" hadi "nakubali".

Sasa tuseme kukubali kabisa ni hatua ndefu zaidi, tukaipa 6 badala ya 5. Mpangilio haujavunjika. Wastani wa A unakuwa 3.37 na wa B 3.05, kwa hiyo A inaonekana kuiunga mkono BMU zaidi. Rudisha 5, halafu sema kukataa kabisa ndiko kwenye hatua ndefu, ipe 0 badala ya 1. A inashuka hadi 2.63 na B inakuwa 2.95. Sasa A ndiyo inayoipinga zaidi. Majibu ni yaleyale, watu ni walewale, na hitimisho limegeuka. Asilimia ya waliokubali haikusogea hata kidogo katika hayo yote.

Kwa hiyo ripoti mgawanyo. Kwenye SPSS nenda `Analyze > Descriptive Statistics > Crosstabs`, mwalo kwenye `Row(s)`, kauli kwenye `Column(s)`, kisha `Cells` na utie alama kwenye `Row`. Anayetumia R:

```r
t <- table(d$mwalo, d$q4)
t
round(100 * prop.table(t, 1))
```

Andika kwa sentensi: Mwalo A, 28 kati ya 60 (asilimia 47) walikubali, 28 (asilimia 47) walikataa, na 4 (asilimia 7) hawakuwa na upande. Mwalo B, 14 (asilimia 23) walikubali, 14 walikataa, na 32 (asilimia 53) hawakuwa na upande. Jedwali liwe na ngazi zote tano, usiziunganishe. Kule A ukali ndio habari yenyewe: kati ya 28 waliokataa, 22 walikataa kabisa.

Nesi_Sengerema
Naomba niongeze la kwangu, ingawa mimi si mtu wa takwimu. Kituoni kwetu tuliwahi kuwauliza akina mama kama wameridhika na huduma, na walikuwa wanaulizwa na watu wa hapohapo kituoni. Wengi walikuwa wanachagua la katikati. Ukikaa na mama pembeni baadaye, anakuambia mengine kabisa. La katikati lilikuwa ni la "sitaki maneno".

Dada, hao 32 wa Mwalo B, uliwahoji wapi? Kiongozi wa BMU alikuwa karibu?

Binti_Ukara
Dada nesi, umenigusa. Pale B mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyenitembeza, na mara nyingi alikuwa amesimama hatua chache kutoka tulipo. Pale A nilizunguka peke yangu. Sijui nilibebe vipi hili.

Mwl_Kayenze
Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Nimesimamia tasnifu kwa miaka mingi, niruhusuni nimtetee kidogo msimamizi. Wastani si dhambi kila mahali. Rensis Likert alipopendekeza njia hii mwaka 1932 hakuchukua kauli moja akaitafutia wastani. Alijumlisha kauli nyingi zinazoelekea jambo moja, ili kila mtu apate alama yake. Mwanangu, una kauli sita kuhusu BMU. Ukijumlisha kauli zote kwa kila mhojiwa, alama zinatembea kutoka 6 hadi 30, na hapo kuzungumzia wastani wa kundi kunaeleweka zaidi. Kwanza geuza kauli zilizoandikwa kinyume kwa kutoa jibu kutoka 6, kisha angalia kama kauli zinakwenda pamoja. Alfa ya Cronbach itakusaidia, ila isome pamoja na uhusiano wa kauli mojamoja.

Ngosha_Takwimu
Mwalimu, marahaba, na nakubaliana kuhusu jumla ya kauli. Ila hata jumla hiyo ichorwe kwanza. Kama Mwalo A umepasuka kwenye kauli zote sita, alama za jumla nazo zitakuwa na vilima viwili, na wastani utaangukia bondeni pasipo na watu.

Mwl_Kayenze
Hilo ni kweli. Lakini mimi bado ningeuacha wastani kwenye safu ya mwisho ya jedwali. Watafiti wengine wanaulinganisha na kazi zao, na kuufuta kunamnyima msomaji kitu. Ninachokiondoa bila kusita ni lile jedwali la 2.61 hadi 3.40. Mipaka hiyo ni mgawanyo wa 0.80 tu, yaani nne kugawanywa kwa tano. Haikutoka kwa wahojiwa.

Kijana_Pasiansi
Nimeelewa kuhusu mediani. Basi kulinganisha mialo atumie kai-skwea?

Ngosha_Takwimu
Ndiyo, kwa umbo itaona, maana inalinganisha idadi za kila jibu. Hasara yake ni kwamba haijui kuwa "nakubali" iko kati ya "sina upande" na "nakubali kabisa". Kwa swali la dada haidhuru.

Dada, swali kubwa zaidi ni nani walio kwenye kila ncha pale A. Una taarifa ya kazi ya mhojiwa?

Binti_Ukara
Ninayo. Nimegawa kati ya matajiri wenye mitumbwi na vibarua wanaovua. Mwalo A:

Matajiri 24: waliokubali 20, wasio na upande 1, waliokataa 3
Vibarua 36: waliokubali 8, wasio na upande 3, waliokataa 25

Yaani asilimia 83 ya matajiri wanasema BMU inawabana wenye makokoro, na vibarua ni asilimia 22.

Ngosha_Takwimu
Hilo ndilo jedwali la sura yako ya nne. Hapo Mann-Whitney itafanya kazi, kwa sababu kundi moja liko juu na jingine chini. Ila usiandike kwamba matajiri wanadanganya au vibarua wanaonewa. Takwimu hazikuambii hivyo, rudi kwenye maelezo yao ya mdomo.

Nesi_Sengerema
Na wale 32 wa B?

Mwl_Kayenze
Aandike wazi kwenye mapungufu kwamba kiongozi alikuwepo, na asiwaite watu wasiojali. Kama nauli inaruhusu, arudi Ukerewe awahoji wachache bila mwenyekiti.

Ngosha_Takwimu
Akiwahoji wachache asiwachanganye na wale 60 wa kwanza. Awaripoti peke yao.

Binti_Ukara
Nauli ya kivuko ninayo, shida ni barua ya ruhusa, maana inapitia kwa mwenyekiti huyohuyo. Kesho nampelekea msimamizi jedwali la matajiri na vibarua, wastani nimeuacha safu ya mwisho kama Mwalimu alivyosema. Kama kuna aliyewahi kupata ruhusa kupitia halmashauri moja kwa moja, naomba anielekeze hapa.

Mchuuzi_Kirumba
Jaribu kwa afisa uvuvi wa wilaya, dada. Sina uhakika kama atakubali.