Mrejesho: dishi la setilaiti zahanati

Niliuliza: "Zahanati yetu iko mbali sana. Tuchukue faiba, bando la simu au setilaiti?"

Asanteni ndugu zangu. Faiba haifiki huku, tukafunga dishi, laini ya simu ikabaki ya akiba. Mwanzoni mtandao ulikatika sekunde chache kila mara. Kumbe mti uliziba upande mmoja wa anga. Setilaiti hizi zinazozunguka karibu na dunia hazitulii mahali pamoja, kila ikipita nyuma ya matawi mawasiliano yanapotea. Tukalipandisha dishi juu ya paa, tatizo likaisha.

Kilichotutesa zaidi ni umeme. Dishi linakula wati 60 hivi, yaani wati-saa 1,440 kwa siku, na betri yetu ya sola (volti 12, ampea-saa 100) ikijaa ina 1,200 tu. Sasa usiku tunalizima, zamu inatumia bando.